Nguzo ya Jumatatu: Maoni juu ya Kuchora na Kusoma Grafu ya Mlipuko wa Ugonjwa

Katika somo la Hisabati tunawafundisha watoto kuchora grafu za mvua, za mavuno na za idadi ya watu. Katika somo la Sayansi tunawafundisha kwamba maradhi mengine huletwa na chakula au maji machafu, na mengine hutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Ni mara chache sana tunapoyaunganisha mambo haya mawili, ingawa ipo grafu moja ambayo kazi yake hasa ni kuyaunganisha. Hiyo ni grafu ya mlipuko wa ugonjwa, yaani mchoro unaoonyesha watu wangapi walianza kuugua katika kila siku. Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anapaswa kuijua grafu hii vizuri, na kwamba tukiifundisha kwa umbo lake tu tutakuwa tumefundisha nusu ya jambo, nusu ambayo inaweza kumdhuru mtu asiye na hatia. Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumdhuru mtu kwa njia hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Jumatatu moja asubuhi mahudhurio yalishuka ghafla, na habari zikaja kwamba watoto wengi wanaharisha damu. Mwalimu Mkuu aliniomba nisaidie kutafuta chanzo. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikahesabu wasiokuja kwa kila siku, nikachora grafu ya nguzo ubaoni mbele ya walimu wote. Kulikuwa na nguzo fupi za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kisha nguzo moja ndefu ya Jumatatu iliyosimama kama mnazi kando ya mihogo. Nikasema bila kusita kwamba wote walidhurika pamoja, na kwa kuwa Ijumaa watoto walikuwa wamekula makande shuleni, basi makande ndiyo chanzo. Mpishi, mama wa makamo wa kijiji kile, aliambiwa asirudi jikoni. Alipokuwa akiondoka aliniambia, “Lakini mwalimu, hata mwanangu mdogo ambaye bado hajaanza shule anaumwa tangu Jumatano, na yeye makande hayo hakuyaonja.” Sikumsikiliza. Nilikuwa na grafu.

Ugonjwa haukukoma. Watoto wapya waliendelea kuugua kwa muda wa wiki mbili zaidi, na hapo ndipo mimi na mganga wa zahanati tulipopita nyumba kwa nyumba tukiuliza swali moja: mtoto huyu alianza kuumwa siku gani? Majibu yaliiangusha nguzo yangu. Wengine walianza Alhamisi wakaendelea kuja shuleni huku tumbo likiwauma, wakashindwa Jumatatu. Wengine walianza Ijumaa usiku, wengine Jumamosi, wengine Jumapili. Daftari la mahudhurio lilikuwa limewakusanya wote na kuwaweka Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili shule haiiti majina. Ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, na njia yake ilikuwa choo cha shule kisichokuwa na maji ya kunawa mikono. Badala ya kuweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni, tulikuwa tumemfukuza mpishi.

Kosa la kwanza, basi, lilikuwa la tarehe. Grafu ya mlipuko huchorwa kwa tarehe ya kuanza kuugua. Haichorwi kwa tarehe ya kukosekana shuleni, wala ya kufika zahanati, wala ya kuandikwa daftarini. Tarehe hizo nyingine zinaeleza desturi za shule na za zahanati: siku za mapumziko, siku ya mganga kuwapo, siku mzazi aliyopata nauli. Tarehe ya kuanza kuugua ndiyo inayoeleza mwenendo wa ugonjwa wenyewe. Mwalimu atalazimika kuiuliza, kwa sababu haimo katika daftari lolote. Kwa mgonjwa ambaye tarehe yake haikujulikana, asibahatishe. Amwandike kando ya grafu kwamba yupo lakini siku yake haijulikani.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni la kusoma. Niliona kilele kimoja nikasema chanzo kimoja. Sikujiuliza ugonjwa ule huchukua muda gani tangu vijidudu viingie mwilini hadi dalili ya kwanza ionekane. Muda huo huitwa kipindi cha kuatamia, kwa mfano wa kuku anayeyalalia mayai kabla vifaranga havijatokea. Kila ugonjwa una kipindi chake. Sumu ya chakula kilichochacha hudhihirika kwa saa chache. Kipindupindu huatamia kwa saa chache hadi siku 5. Surua huchukua siku kama 10 hadi homa ianze, na kama 14 hadi vipele vitokee. Bila kipindi hiki grafu ya mlipuko ni picha tu. Nacho kikiwapo, inakuwa kipimo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Watu wengi wakipata vijidudu mahali pamoja na kwa wakati mmoja, hawataanza kuugua saa ile ile, kwa kuwa miili haifanani. Lakini wote wataanza ndani ya upana wa kipindi kimoja cha kuatamia. Grafu itapanda kwa ghafla, itafika kilele kimoja, kisha itashuka polepole kwa ajili ya wale waliochelewa. Huo ndio mlipuko wa chanzo kimoja cha mara moja. Ama ugonjwa ukipokezanwa, mgonjwa wa kwanza huwaambukiza wachache, nao huugua baada ya kipindi cha kuatamia kupita. Hao nao huwaambukiza wengine. Grafu itaonyesha mawimbi, kila wimbi likiachana na lililotangulia kwa muda unaokaribia kipindi cha kuatamia, na mawimbi ya mwanzo yakizidiana kwa urefu, mpaka wanaoweza kuambukizwa wamekwisha au wametengwa. Huo ni mlipuko wa kupokezana.

Mfano wa chanzo kimoja

Tuchukue mlipuko ambao tarakimu zake zimehifadhiwa. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia kwa nguvu katika eneo la Soho, jijini London, karibu na pampu ya maji ya Mtaa wa Broad. Daktari John Snow aliwaorodhesha watu waliokufa, akaonyesha kila mmoja wao alianza kuugua siku gani. Hizi ni hesabu zake za siku kuu za mlipuko huo:

30 Agosti: 8
31 Agosti: 56
1 Septemba: 143
2 Septemba: 116
3 Septemba: 54
4 Septemba: 46
5 Septemba: 36
6 Septemba: 20
7 Septemba: 28
8 Septemba: 12
9 Septemba: 11

Kabla ya hapo, tangu tarehe 26 hadi 29 Agosti, alikuwapo mmoja tu kwa kila siku.

Mwanafunzi achore mstari wa mlalo na kuupanga kwa siku, na mstari wa wima aupange kwa idadi ya wagonjwa. Nguzo zigusane, kwa kuwa siku hufuatana bila nafasi kati yake. Siku isiyo na mgonjwa ibaki wazi mahali pake, isirukwe. Hapa namba ni kubwa, hivyo mraba mmoja wa karatasi unaweza kusimama badala ya watu 10. Darasani, wagonjwa wakiwa wachache, mraba mmoja uwe mtoto mmoja, na jina lake liweze kuandikwa ndani kwa penseli.

Sasa tuisome. Kupanda kwake kumechukua siku 2 tu, kutoka 8 hadi 143. Kushuka kumechukua zaidi ya wiki. Kilele ni kimoja. Kati ya watu 530 walioanza kuugua tangu tarehe 30 Agosti hadi 9 Septemba, 451 walianza katika siku 6 tu, tangu 31 Agosti hadi 5 Septemba. Upana huo unakaribia sana kipindi cha kuatamia cha kipindupindu. Mlipuko wa kupokezana usingeweza kuruka hivyo. Mtu mmoja au wawili wa siku zilizotangulia wasingeweza, kwa kugusana na jirani zao tu, kuwaangusha watu 143 kwa siku moja. Lazima kulikuwa na kitu kimoja kilichowafikia wote.

Grafu inatuwezesha pia kuhesabu kurudi nyuma. Wagonjwa wengi wa kipindupindu huanza kuugua baada ya siku 1 hadi 3 hivi. Tukitoka kwenye kilele cha tarehe 1 Septemba na kurudi nyuma kwa muda huo, tunafika kati ya tarehe 29 na 31 Agosti. Hizo ndizo siku za kuchunguza. Baadaye Kasisi Henry Whitehead aligundua kwamba katika nyumba namba 40 ya mtaa huo, iliyokuwa ubavuni mwa kisima, mtoto mchanga alikuwa ameanza kuharisha tarehe 28 Agosti, na mama yake alimwaga maji aliyofulia nepi katika shimo la maji machafu. Shimo hilo lilikuwa karibu sana na kisima, na kuta zake zilikuwa zimeoza. Tarehe zinaafikiana.

Lakini msomaji mwangalifu hataishia hapo. Kama maji yangechafuka kwa siku moja tu na kisha yakawa safi, wagonjwa wangekwisha kufikia kama tarehe 5 Septemba. Hawakwisha, tarehe 7 walikuwa 28, na tarehe 9 walikuwa bado 11. Mkia huu mrefu unaeleza kwamba chanzo kilikuwa kimoja, lakini watu waliendelea kukinywa kwa siku kadhaa, na huenda pia baadhi waliambukizwa nyumbani na wagonjwa waliowauguza. Hivyo jibu lililo sahihi si “chanzo kimoja” kwa mkato, bali “chanzo kimoja kilichotumika kwa siku kadhaa”.

Mfano huo huo unaonyesha hatari ya tarehe isiyofaa na ya nguzo pana mno. Snow aliandika pia siku za vifo, na kilele cha vifo, watu 127, kiko tarehe 2 Septemba, siku moja baada ya kilele cha kuugua. Anayehesabu kurudi nyuma kutoka kwenye vifo atakosea siku hiyo moja. Tena tukiwakusanya wagonjwa kwa wiki, kuanzia Jumapili ya tarehe 27 Agosti, tunapata nguzo ya 326, kisha 207, kisha 19. Kupanda kwa ghafla kumetoweka kabisa. Anayeiona grafu hiyo atadhani ugonjwa ulianza ukiwa kileleni, wala hawezi kusema lolote juu ya chanzo. Kwa hiyo upana wa nguzo usichaguliwe kwa mazoea. Uwe mdogo kuliko kipindi cha kuatamia, usizidi theluthi yake. Kwa sumu ya chakula nguzo iwe ya saa 1; kwa kipindupindu iwe ya siku 1 au chini ya hapo; kwa surua siku 2 au 3 zinatosha.

Jambo moja zaidi kabla hatujauacha Mtaa wa Broad. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, na mara nyingi husimuliwa kwamba kitendo hicho ndicho kilichoukomesha mlipuko. Mwanafunzi atazame grafu yake. Siku hiyo walioanza kuugua walikuwa 12; wiki moja kabla yake walikuwa 143. Mlipuko ulikuwa umekwisha kushuka, na Snow mwenyewe alikiri hivyo, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia eneo lile. Kuondoa mpini kulikuwa jambo la busara, lakini grafu haituruhusu kulipa sifa isiyo yake.

Mfano wa kupokezana

Mfano wa pili unatuhusu sisi walimu kwa karibu zaidi, kwa kuwa ulipita shuleni. Mwaka 1861 surua iliingia katika kijiji cha Hagelloch, karibu na mji wa Tübingen huko Ujerumani. Daktari Albert Pfeilsticker aliandika habari za kila mtoto: siku dalili zilipoanza, siku vipele vilipotoka, nyumba yake na darasa lake. Watoto walioorodheshwa walikuwa 188. Kati yao 30 walikuwa wa darasa la kwanza la shule ya kijiji, 68 wa darasa la pili, na 90 hawakuwa wameanza shule. Ugonjwa ulianza mwishoni mwa Oktoba 1861 ukaendelea hadi Januari 1862.

Hata kabla ya kuchora nguzo moja tunaweza kuuliza: je, watoto hawa wangeweza kuambukizwa wote kwa siku moja? Wangeambukizwa hivyo, vipele vingetokea kwa wengi wao baada ya wiki 2 hivi, na hata waliochelewa wasingezidi wiki 3. Lakini mlipuko ulidumu kwa zaidi ya miezi miwili. Mlipuko unaodumu mara nyingi kuliko kipindi cha kuatamia hauwezi kuwa wa chanzo kimoja cha mara moja. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ninachowataka wanafunzi wangu wakitumie, kwa kuwa hakihitaji jicho la mchoraji, kinahitaji kalenda.

Umbo la mawimbi linaonekana vizuri zaidi mlipuko ukiwa mdogo. Tuseme katika darasa moja mtoto mmoja alitokwa na vipele tarehe 3 Machi. Kisha watoto 3 walitokwa kati ya tarehe 14 na 17, na watoto 9 kati ya tarehe 25 na 30. Tukichora kwa nguzo za siku 2 tutaona kilima kidogo, bonde, kilima cha kadiri, bonde, kisha kilima kikubwa. Kutoka kilima hadi kilima ni siku 12 hivi, na hizo zinakubaliana na surua. Mwanafunzi awekewe miraba hiyo, kisha aulizwe ni nani waliokaa karibu na nani.

Lakini mawimbi hayadumu yakiwa safi. Wimbi la tatu na la nne huanza kuingiliana, kwa kuwa baadhi ya watoto huatamia kwa siku chache na wengine kwa siku nyingi, na mwisho wake mabonde hujaa. Kwa ugonjwa wenye kipindi kifupi, kama kuhara damu, mabonde hujaa mapema sana, na grafu huonekana kama kilima kimoja kipana. Hapo umbo peke yake litadanganya, na ni ulinganisho wa muda wote wa mlipuko na kipindi cha kuatamia utakaosema kweli.

Upo pia udanganyifu mwingine, nao unamhusu mwalimu wa darasa. Waliochambua kumbukumbu za Hagelloch miaka mingi baadaye walikuta kwamba surua ilienea kwa nguvu ya pekee ndani ya darasa la kwanza. Mtoto mmoja akiwaambukiza wenzake wengi kwa pamoja, grafu ya darasa hilo peke yake itakuwa na kilele kimoja kikali, kana kwamba wote walikula chungu kimoja. Kwa namna fulani ndivyo ilivyo: chanzo chao ni kimoja, ila chanzo hicho ni mtoto mwenzao. Mwalimu anayechora darasa lake tu hawezi kulitambua hilo. Achore shule nzima, pamoja na wadogo walioko nyumbani, na mawimbi yatajitokeza. Yule mpishi alikuwa amenipa mraba huo wa nyumbani. Mimi ndiye niliyekataa kuuchora.

Ushauri kwa walimu watarajiwa

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya waganga. Kutibu ni kazi yao, na ugonjwa unapozuka zahanati iarifiwe siku hiyo hiyo, wala mwalimu asingoje grafu. Lakini mganga atakapofika atauliza nani alianza lini, na mtu anayewaona watoto wote kila siku ni mwalimu. Akiwa na orodha ya majina, tarehe za kuanza kuugua, madarasa na nyumba, amempa mganga kitu ambacho zahanati haiwezi kukipata kwa urahisi.

Katika Darasa la Sita au la Saba napendekeza vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wachore tarakimu za Mtaa wa Broad kwa siku, kisha wazichore tena kwa wiki, na waulizwe ni nini kilichopotea. Katika kipindi cha pili wapewe zile tarehe za surua, lakini wasiambiwe jina la ugonjwa. Waulizwe kama mlipuko ni wa chanzo kimoja. Watakaojibu mara moja wamekosea, hata kama jibu lao ni sahihi. Wanaostahili alama ni wale watakaoinua mkono na kuuliza kwanza: “Mwalimu, ugonjwa huu huatamia siku ngapi?”

Na grafu ikiisha kusomwa, ibaki kuwa dalili. Inaweza kusema kwamba wengi walidhurika pamoja na karibu na siku fulani. Haiwezi kusema kama ni makande, maji au maziwa. Kulijua hilo hapana budi kuwauliza waliougua na wasiougua walikula nini na kunywa nini. Mpishi wa shule ile alirudishwa jikoni mwezi uliofuata, na Mwalimu Mkuu alimwomba radhi mbele ya kamati ya shule. Mimi nilikwenda nyumbani kwake peke yangu. Alinikaribisha kiti, akanipa chai, kisha akaniuliza kama sasa nimemwandika mwanawe katika hesabu yangu. Nilimwambia kwamba nimemwandika, katika mraba wa Jumatano.